Mto Nairobi kutoka juu: kwa shoti zako sita, bakisha tatu

*"Natengeneza dokumentari ya dakika 26 ya mto Nairobi, kutoka Ondiri hadi Fourteen Falls. Kaka yangu ana droni ndogo ya gramu 249 na nimepanga shoti sita za juu: Ondiri, tauni, Mathare pale nyumba zilibomolewa, Dandora, mashamba ya chini ya Ruai, na maporomoko. Kibali naanzia wapi, nikae umbali gani na watu, na je hizi shoti zote zitasaidia hadithi ama nitakuwa napamba tu?"*

Dada, kabla ya kwenda ofisi yoyote fungua ramani ya simu, chukua karatasi na uchore viwanja vya ndege, juu hii kazi yako inaamuliwa na ramani zaidi ya vile inaamuliwa na kamera. Kanuni za droni za Kenya, zile za 2020, zinasema usirushe ndani ya kilomita 10 kutoka uwanja mkubwa wa ndege, na kilomita 7 kutoka uwanja mdogo, isipokuwa umepewa idhini maalum. Sasa weka JKIA chini kulia, weka Wilson chini kushoto, alafu weka kambi ya jeshi la anga pale Eastleigh, ile ya Moi, watu wengi huisahau hiyo juu hawaoni ndege za abiria zikitua. Mimi Wilson na Eastleigh huzipimia kilomita 10 pia, sitafuti upenyo wa 7. Ukishachora hizo duara tatu utaona zinapandana na karibu Nairobi yote iko ndani.

Pitia shoti zako moja moja. Tauni iko kama kilomita 4 tu kutoka Wilson. Mathare iko chini ya kilomita 3 kutoka kambi ya Eastleigh, yani ukisimama kwa daraja la mto Mathare ndege za jeshi unazisikia zikiwasha injini. Dandora iko mbali kidogo na Eastleigh lakini bado ndani, na ukipima hadi JKIA unapata kama kilomita 9, kwa hivyo imeshikwa na duara mbili kwa pamoja. Hizo tatu ndo zitakula pesa na wiki zako, na hizo ndo nataka utoe kwa droni, nitakwambia utazipata vipi bila kurusha kitu.

Zile zingine tatu ziko nje ya hizo duara. Ondiri pale Kikuyu iko zaidi ya kilomita 15 kutoka Wilson. Mashamba, ukishapita Ruai ukaelekea upande wa Kamulu unakuwa umevuka kilomita 10 za JKIA, lakini pima kutoka sehemu yenyewe utakaposimama, usipime kutoka stendi ya Ruai juu hapo kilomita moja inaweza kukurudisha ndani ya duara. Fourteen Falls iko kama kilomita 40 kutoka JKIA. Yani chanzo cha mto, mto ukiwa umeshabeba kila kitu cha jiji, na mwisho. Hiyo ni hadithi nzima tayari, na zile sehemu za katikati, za watu na nyumba na takataka, ni sehemu za kutembea kwa miguu na kamera begani.

Kuhusu kibali. Droni kuwa gramu 249 haikusaidii hapa, hiyo hesabu ya gramu 250 watu huitoa kwa video za nchi zingine. Kwetu droni yenye kamera inasajiliwa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, yule anayerusha anatakiwa awe na leseni ya rubani wa droni, na ukifanya kazi ya biashara, na dokumentari ya kuuzwa ama kuonyeshwa ni biashara, kampuni inayorusha inatakiwa iwe na cheti cha opareta, ile wanaita ROC. Hiyo ROC si ya kutafuta kwa ajili ya filamu moja, inataka kitabu cha taratibu za kazi, ukaguzi na muda mrefu. Kwa mtu wa dakika 26 njia ya akili ni kukodisha opareta ambaye tayari anayo, droni ya kaka ibaki nyumbani ama itumike kufanya mazoezi ikishasajiliwa. Najua inauma juu iko pale bure, lakini siku runinga itakuuliza vibali vya kila shoti kabla inunue filamu, na huwa wanauliza, shoti isiyo na karatasi inakatwa na unabaki na shimo kwa editi.

Ukimpata opareta usimwamini kwa mdomo. Omba kuona ROC na uangalie tarehe ya kuisha, omba namba ya usajili wa droni na uilinganishe na namba iliyo kwa mwili wa droni yenyewe atakayokuja nayo, omba leseni ya yule mtu atakayeshika rimoti siku hiyo (si ya bosi wake), na omba cheti cha bima ya mtu wa tatu. Hiyo ya namba ndo wengi huruka. Nimewahi kuletewa droni tofauti na ile ya karatasi juu ya kwanza ilikuwa imeenda kurekebishwa, kijana aliona ni kitu kimoja tu, lakini kwa sheria ilikuwa droni nyingine kabisa na ile bima haikuihusu. Tulirudi nyumbani bila shoti.

Idhini ya kurusha sehemu husika opareta ndo anaiomba KCAA, kazi yako wewe ni kumpa vitu vya kujaza: pini ya mahali, tarehe na saa, urefu wa juu kabisa, na maelezo ya nini kiko chini. Mpe mapema, mimi hutoa wiki sita na sijawahi kujuta. Tofauti na hiyo unahitaji leseni ya kushuti ya KFCB, bodi ya filamu, chini ya sheria ya filamu na maigizo, sura ya 222, hiyo ni ya filamu nzima sio ya droni peke yake, alafu ruhusa ya wenye ardhi. Ondiri inatunzwa na wenyeji wa pale, ongea nao na chifu kabla hujaonekana na sanduku. Fourteen Falls kuna lango na wasimamizi, na jirani yake kuna mbuga ya Ol Donyo Sabuk ambayo ni ya KWS, kwa hivyo mlima ubaki nyuma ya fremu tu, droni isielekee huko bila kibali chao.

Sasa umbali. Kanuni mbili ndo zitakuwa kichwani kila saa: usipande zaidi ya futi 400 juu ya ardhi, yani kama mita 120, na usisogee karibu ya mita 50 kwa upande kutoka mtu, gari ama jengo ambalo si sehemu ya kazi yako. Pia ni mchana tu, na rubani aione droni kwa macho yake, sio kwa skrini. Watu husoma hizo mita 50 kama kizuizi cha hadithi, mimi naziona kama kitu cha kupangia fremu, na hesabu yake ni rahisi sana nataka uishike.

Lenzi ya kawaida ya droni, ile sawa na milimita 24, inaona upana wa mara moja na nusu ya umbali wake. Ukiwa mita 50 kutoka kitu unaona upana wa mita 75. Ukiwa mita 80 unaona 120. Ukiwa mita 120 unaona 180. Hivyo tu, kwa kuangalia mbele ama kuangalia chini ni hesabu moja. Na urefu wa fremu, kwa picha ya kawaida ya runinga, ni kidogo kuliko upana, ukiwa mita 50 unapata kama mita 42. Mtu mzima ana kama mita 1.7, kwa hivyo kwa mita 50 anachukua asilimia 4 ya urefu wa picha, ni kijiti kidogo, uso hauonekani. Hiyo inamaanisha droni haiwezi kukupa uso wa mtu kihalali, na isijaribu. Uso wa mama anayechota maji ni wa kamera ya chini, unamwona jasho. Droni ina kazi moja tu kwako, kuonyesha kitu ambacho ukisimama chini hauwezi kukiona: ukubwa, mpaka, na uhusiano wa vitu viwili vilivyo mbali.

Nikuonyeshe na Ondiri. Lile bwawa la matete ni kama hekta 30, ukiliweka kama mraba ni zaidi ya mita 500 kila upande. Wewe labda umeandika "shoti ya kutoka juu kabisa, bwawa lote". Haitawezekana, kwa mita 120 unaona mita 180 tu ukiangalia chini, utapata zulia la kijani lisilo na ukingo na mtazamaji hatajua anaangalia nini. Ili uone bwawa lote lazima uinamishe kamera uangalie kwa mbali. Lakini uliza kwanza, hadithi yako inataka kuonyesha nini hapo? Kama ni uzuri tu, weka shoti ya chini ya matete na sauti za ndege inatosha. Kama ni kwamba mto unaanza safi na tayari shida imefika mlangoni, basi kitu cha kuonyesha ni ukingo, pale matete yanakutana na mashamba na vibanda vya plastiki vya mboga. Kwa hivyo shoti inaanza chini, mita kama 10 juu ya matete, kijani pekee imejaza fremu, alafu droni inapanda taratibu ikiinua kamera kidogo kidogo hadi ule ukingo unaingia kutoka juu ya picha, na unasimama hapo. Sekunde 15. Hakuna maneno ya msimulizi, mtazamaji anaelewa mwenyewe. Sema kwa rubani: kabla ya kupanda tulia sekunde 10, ukifika juu tulia tena 10, juu edita hukata kwenye utulivu, na marubani wengi hawapendi kutulia.

Ondiri ina hatari moja yake. Yale matete yanaelea, chini kuna maji na tope, mtu anazama. Droni ikianguka katikati hakuna wa kuifuata, wala usikubali kijana yeyote akwambie ataenda kuitoa. Hapo tunarusha tukikaa karibu na ukingo, na betri mpya. Na kumbuka Kikuyu iko juu, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mapanga yanazunguka kwa nguvu zaidi na betri inaisha mapema kuliko ile dakika iliyoandikwa kwa boksi. Mimi nikifika asilimia 40 naanza kurudi, 30 droni iko chini.

Nirudi kwa Mathare juu najua hiyo ndo iko moyoni mwako. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 serikali ilisema watu waondoke ndani ya mita 30 kutoka mto, alafu tingatinga zikaja. Kutoka juu ile mita 30 inaonekana kama mstari, ni shoti nzuri sana, hakuna mtu wa droni hajaifikiria. Lakini angalia hesabu: mto, mita 30 kila upande, na nyumba za mabati zinazoanzia hapo hapo. Ukae wapi ambapo hakuna mtu ndani ya mita 50? Hakuna. Na kambi ya jeshi iko mgongoni. Tuseme hata ungepewa idhini, kuna mambo mawili yangenizuia. La kwanza, bafu nyingi za mtaani hazina paa, ni mabati manne na pazia la gunia, kutoka chini mtu amejisitiri lakini kutoka juu hajasitiriwa na chochote, na picha kali ya siku hizi edita anaivuta hadi ndani. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakuhusu hapo, lakini hata bila sheria, huyo ni mama wa mtu anaoga. La pili, watu wa pale waliona vipimo na alama za rangi kabla ya nyumba kubomolewa. Kitu kikilia angani juu ya mto na hawakijui, wataamini kuna upimaji mwingine, na utakuwa umewatia hofu watu ambao filamu yako inasema iko upande wao. Baada ya hapo nani atakufungulia mlango wa mahojiano?

Zile mita 30 zionyeshe kutoka chini. Chukua kamba ya mita 30, mpe mwenyeji aliyebomolewa ashike upande mmoja kwenye ukingo wa maji, na mwingine atembee nayo hadi iishe, kamera imfuate kwa mkono bila kukata. Kamba itapita juu ya msingi wa nyumba yake, juu ya kipande cha sakafu ya saruji nyekundu, juu ya shina la mti, itaishia kwa ukuta wa jirani ambaye bado yuko. Mtazamaji atazihesabu mita 30 kwa miguu ya mtu aliyeishi hapo, hakuna droni inaweza kukupa hiyo. Ukitaka urefu kidogo, Huruma kuna maghorofa yanaangalia mto, ghorofa ya sita inakupa mita karibu 18, omba mwenye nyumba, panda na stendi ya kamera na lenzi ndefu, shuti asubuhi moshi wa kupika ukitoka. Kama bado unataka ule mstari kutoka juu kabisa, nunua picha mbili za setilaiti za eneo hilo, moja ya kabla ya mafuriko na moja ya baada, na ulipie haki ya kuzitumia, itakuwa rahisi kuliko kibali.

Dandora vile vile kaa chini, na pale kuna sababu ya ziada ambayo haiko kwenye karatasi: wale korongo wakubwa wa jalalani. Ni wengi, ni wazito, wanapanda na hewa ya joto kutoka kwa takataka bila kupiga mbawa, na wanazungukia urefu ule ule droni inapenda kufanyia kazi. Mgongano mmoja unaua ndege na unaangusha droni kichwani kwa mtu anayeokota chupa. Shuti ukiwa umesimama juu ya lundo lenyewe, ni refu vya kutosha.

Kule chini ya Ruai ndo unaweza kutumia ile shoti ya kuangalia chini moja kwa moja uliyotaka kwa Mathare. Tafuta kona ya mto yenye shamba la mboga upande mmoja na ukingo mtupu upande wa pili. Panda mita 80, upana ni mita 120, mto mweusi unapita katikati na mistari ya sukuma ya kijani imelala pembeni yake, na kama kuna paipu ya pampu inaonekana kama uzi kutoka maji hadi kwa mboga. Huo uzi ndo shoti. Wenye shamba waambie siku mbili kabla, waonyeshe kwa skrini utaona nini, kama hawataki shamba lao litambulike badilisha kona, wao si wahalifu wa hadithi, wanamwagilia na maji waliyoletewa na jiji. Wakati wa kurusha, wafanyakazi wa shamba ama wamekubali na kuelezwa na wanasimama mahali tulipopanga, ama wako nje ya mita 50. Hakuna katikati. Mpe mtu mmoja kazi ya kuangalia watu tu, asiangalie skrini hata kidogo, juu watoto wakisikia ule mlio wanatokea kwa mahindi wakikimbia, na wanakimbilia pale pale droni inataka kutua.

Fourteen Falls ndo mwisho wako na ndo ngumu kiufundi. Kosa nililowahi kufanya mimi mwenyewe kwa mto mwingine huko Makueni nataka lisikupate. Urefu unaousoma kwa skrini haupimwi kutoka ardhi iliyo chini ya droni, unapimwa kutoka pale uliporushia. Tulirushia bondeni karibu na maji, droni ikavuka kilima, skrini inasema mita 45 na mimi nimetulia, kumbe kilima chenyewe kilikuwa na mita 25 na miti juu yake, kwa hivyo nilikuwa na nafasi ya mita chache tu. Ishara ya rimoti ikakatika nyuma ya kilima, droni ikaanza kurudi yenyewe, na urefu wa kurudia uliokuwa umewekwa kwa `RTH Altitude` ulikuwa mita 30. Ikashuka? Hapana, hiyo droni haikushuka, ilikuwa juu ya 30 ikarudi kwa urefu ule ule iliokuwa nao, 45, moja kwa moja hadi kwa waya za stima zilizokatiza juu ya bonde ambazo hatukuziona juu jua lilikuwa nyuma yake. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo natembea eneo lote kwa miguu kwanza nikiangalia nguzo, manake waya hauonekani lakini nguzo inaonekana, na `RTH Altitude` naiweka juu ya kitu kirefu kuliko vyote na kuongeza mita 20, na kama kuna waya kati yangu na shoti nahamisha mahali pa kurushia.

Kwenye maporomoko hesabu inageuka, utarushia juu na shoti iko chini. Maji yanaanguka kama mita 27, ukienda mbele yake upande wa mto wa chini na kushuka ili uyatazame usoni, skrini inaweza kuonyesha namba ya kutoa, tuseme -10. Usishtuke, lakini mwambie rubani asimame mahali anaiona droni kwa macho muda wote, akiwa nyuma ya ukingo ataipoteza. Kaa mita 80 kutoka maji, unaona upana wa mita 120, na ule mvuke hauifikii lenzi. Kila ikitua angalia lenzi kwa tochi ya simu, tone moja la mvuke halionekani kwa skrini ndogo ila kwa editi ni duara la ukungu katikati ya picha.

Fika kabla ya wageni. Jua linatoka kama saa kumi na mbili na nusu, na hadi saa mbili asubuhi unaweza kuwa na mahali peke yako, baadaye vijana wanaoruka kwa maji kwa ajili ya watalii wanakuja na wenye mitumbwi pia, na mita 50 zako zimeisha. Wakati ule pia upepo haujaamka.

Alafu lile povu. Maji ya mto Nairobi yanaingia Athi, na maporomoko yanayapiga hadi povu jeupe. Kutoka juu ni kama mawingu, linapendeza, na hapo ndo mahali filamu yako inaweza kujidanganya. Usianze na droni. Anza chini, karibu kabisa, povu likiwa limeng'ang'ania jiwe na chupa ya plastiki ndani yake, sauti ya maji, mtu wa pale akifunika pua. Hapo ndo upande juu. Mtazamaji akiona ule weupe wote akiwa tayari anajua unanuka vipi, picha ile ile nzuri inamuumiza. Ukibadilisha mpangilio, atafikiria kwenda pikiniki. Upande wa mwendo, rubani asizidi mita 3 kwa sekunde, aende mbele tu bila kuzunguka, shata iwe 1/50 kwa fremu 25, na awe na kioo cheusi cha kupunguza mwanga, la sivyo maji yataonekana kama yanakatikakatika.

Zote tatu zikiingia kwa filamu zitachukua labda dakika moja na nusu. Kwa dakika 26 hiyo ni nyingi tayari.

Wiki hii fanya hili: nenda hizo sehemu tatu na simu, kila mahali dondosha pini pale rubani atasimama, sio pale shoti iko, piga picha pande nne, piga picha kila nguzo ya stima, andika saa na nani mwenye ardhi. Mtumie opareta hizo pini pamoja na urefu unaotaka kwa kila moja: Ondiri mita 60, Ruai 80, maporomoko 40. Akikwambia unaweza kurusha kesho bila yeye kuomba chochote, tafuta mwingine.